Banki haijui kama mlishatoka kwenye depo
Namna ya kusimamisha makato ya kila mwezi kwenye konti ya koperative, na kuhakikisha kama kweli yamesimama



Mumezoea kunisoma hapa juu ya mupunga, muhogo na mawese. Leo ninaandika juu ya makuta yanayotoka kwenye konti wakati hakuna mtu aliyeenda kuyatosha. Mimi ni agronome, si mtu wa banki. Lakini mwaka 2024 niliona koperative moja ya upande wa Kigulube ikikosa makuta ya kununua bashi za kuanikia mupunga, na sababu haikuwa mvua wala wadudu. Ilikuwa karatasi moja ambayo hakuna aliyeikumbuka. Nilitembea nao mpaka kwenye gishe, na yale niliyojifunza huko ndiyo ninayowaletea. Jina la koperative na la banki nayaacha, kwa sababu jambo hili linaweza kufika kwa koperative yoyote na banki yoyote.

Ilivyotokea

Koperative hii ilikuwa na depo ya kupanga mjini Bukavu, ya kuwekea mupunga na mawese wakati wa kungoja wanunuzi. Bei ilikuwa dola 60 kwa mwezi. Kutoka Kigulube mpaka Bukavu kila mwezi kwa sababu ya kulipa nyumba, kila mtu anaona ni hasara: pikipiki, barabara ya Burhale, siku za kulala njiani. Kwa hiyo kamati ilifanya jambo la akili. Iliandikia banki barua: kila tarehe 5 ya mwezi, mtoe dola 60 kwenye konti yetu, mziingize kwenye konti ya mwenye depo. Banki ilikubali, na kila mara ilijilipa dola 2 za kazi yake. Hiyo ndiyo inaitwa ordri ya kudumu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2024 koperative ilitoka kwenye depo. Walimpigia mwenye depo simu, wakamrudishia ufunguo, wakaachana vizuri. Kwa fikra zao, mambo yaliisha hapo.

Tarehe 13 mwezi wa tano, mama trezorie alifika Bukavu kutosha makuta ya kununua bashi na mifuko. Kwenye karne yake konti ilikuwa na dola 640. Kwenye gishe wakamwambia ziko dola 392.

"Papa, angalia tena. Kuna mtu alitosha makuta yetu."

"Mama, hakuna mtu alitosha. Ni ordri yenu ninyi wenyewe."

Akaomba releve, ile karatasi inayoonyesha kila makuta yaliyoingia na kila yaliyotoka. Akakuta mistari ya tarehe 5 mwezi wa pili, tarehe 5 mwezi wa tatu, tarehe 5 mwezi wa nne na tarehe 6 mwezi wa tano. Kila mara dola 60, na chini yake dola 2. Hesabu inakubali: mara nne dola 62 ni dola 248, na 640 ukiondoa 248 zinabaki 392. Hakuna mwizi. (Na ile tarehe 6? Mwezi ule tarehe 5 iliangukia siku ya yenga. Banki haikufanya kazi, ikakata kesho yake. Mkumbuke jambo hilo, tutalirudia.)

Kwa nini banki iliendelea kukata

Hapa watu wengi wanakasirikia banki, lakini tuelewe kwanza kazi yenyewe. Ordri ya kudumu ni sawa na kumtuma mtoto dukani kila siku ya soko. Ulimwambia mara moja, anaendelea kwenda. Duka likifungwa, mtoto hajui, ataenda tu. Anayeweza kumsimamisha ni wewe uliyemtuma. Mwenye duka hawezi kumsimamisha mtoto wako, hata kama anajua hakuna tena bidhaa.

Vilevile banki haijui kama mlitoka kwenye depo. Haikuona mkataba wenu, na mwenye depo hana kazi ya kuwaambia. Mashine inasoma vitu vinne tu: konti gani itoe, konti gani ipokee, makuta ngapi, na tarehe gani. Kama kwenye ordri hamkuandika tarehe ya mwisho, mashine itaendelea mpaka konti ikauke au mpaka mtu aandike barua.

Ni kwa sababu hiyo simu kwa mwenye depo haikusaidia. Walisimamisha mkataba, lakini hawakusimamisha ordri. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kinataka kufungwa kwake.

Kwanza ujue ni makato ya namna gani

Mbele ya kuandika barua, chukueni releve na muulize gishe swali moja: "Makato haya, nani aliyaomba?" Jibu linaweza kuwa la namna tatu, na kila namna ina mlango wake.

Ya kwanza ni ordri ya kudumu, kama ya depo. Ninyi ndio mlioomba, na ninyi wenyewe mnaweza kuifuta kwa malipo yanayokuja. Hamhitaji ruhusa ya anayepokea. Kwenye releve mara nyingi mtasoma VIREMENT PERMANENT, au kwa kifupi VIR PERM.

Ya pili ni prelevema. Hapa anayepokea ndiye anayevuta makuta, lakini ni kwa sababu mlisinya karatasi ya kumruhusu. Kwenye releve linaandikwa PRELEVEMENT. Hii inafungwa sehemu mbili: barua kwa banki ya kuondoa ruhusa, na barua kwa yule anayevuta ili aache kutuma maombi. Mkiandikia banki peke yake, yule mwingine ataendelea kujaribu. Mkimwandikia yeye peke yake, mnategemea roho yake nzuri.

Ya tatu ni makuta ya banki yenyewe: bei ya kutunza konti, na malipo ya mkopo. Hapa tusidanganyane. Bei ya kutunza konti haisimami kwa barua ya kufuta ordri, inasimama mkifunga konti. Na mkopo, mlisinya mkataba kwamba banki itajilipa kwenye konti hii. Mkiandika barua ya kuukataa, deni linabaki, na mnaongeza malipo ya kuchelewa. Kama mkopo ndio unaowasumbua, muombe kupangiwa upya tarehe, hiyo ni barua nyingine kabisa.

Koperative yetu ilikuwa kwenye namna ya kwanza, ile iliyo rahisi kuliko zote. Hata hivyo iliwachukua karibu miezi mitatu. Tuangalie wapi walikwama.

Kikwazo cha kwanza: sahihi

Tarehe 14 mwezi wa tano mama trezorie aliandika barua palepale mjini. Alikuwa amekuja na karatasi tupu iliyosinywa na prezida mpya, akasinya na yeye, akaipeleka kwenye gishe. Wakaangalia kwenye mashine, wakamrudishia.

Kwa nini? Siku ya kufungua konti, banki ilichukua mfano wa sahihi za watu wanaoruhusiwa. Kwa koperative hii ilikuwa prezida na trezorie, wote wawili pamoja. Lakini prezida aliyekuwa kwenye karatasi za banki alikuwa yule wa zamani. Mkutano mkuu ulikuwa umemchagua mwingine miezi kumi nyuma, kila mtu kijijini alimjua, lakini banki haikupelekewa PV. Kwa banki, prezida mpya alikuwa mpita njia.

Na gishe ilikuwa na haki. Kama banki ingekubali barua ya mtu yeyote anayejiita prezida, kesho mtu huyo angeandika barua ya kutosha makuta yote.

Hapa kuna njia mbili. Kama prezida wa zamani yuko na mnaelewana, anaweza kusinya barua ya kufuta ordri, maana kwa banki bado ni yeye. Njia hiyo ni ya haraka. Kama hayuko, au mligombana, lazima mbadilishe kwanza wenye sahihi: PV ya mkutano mkuu iliyosinywa, orodha ya waliohudhuria, fotokopi ya karata ya mpiga kura ya wenye sahihi wapya, na wenyewe waje kwenye gishe kuweka mfano wa sahihi. Mulize banki yenu inataka nini zaidi, maana kila banki ina desturi yake.

(Wanakoperative walio chini ya sheria ya OHADA ya mwaka 2010, ambayo nchi yetu inaifuata tangu mwaka 2012, wanajua tayari kwamba mabadiliko ya viongozi yanaandikwa. Iliyosahauliwa ni nakala moja ya banki.)

Kwa koperative yetu, prezida wa zamani alikuwa ameenda kwenye machimbo na hakuna aliyempata kwa simu. Mama trezorie akalazimika kurudi. Prezida mpya na PV walifika Bukavu tarehe 3 mwezi wa sita, siku ya kwanza ya juma. Siku hiyohiyo wakaweka sahihi mpya na kupeana barua.

Barua yenyewe

Barua haihitaji maneno mengi. Inahitaji maneno yasiyoweza kueleweka kwa namna mbili. Banki zetu zinafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo muombe mwalimu au sekretari awaandikie kwa Kifaransa, na juu yake aweke kichwa hiki:

```
Objet : Révocation d'un ordre permanent
```

Ndani muandike mambo sita:

1. Jina kamili la koperative na namba ya konti inayokatwa. Kama muna konti ya dola na ya faranga, muandike ni ipi.
2. Namba ya ordri, kama banki iliwapa. Kama hamna, muandike tarehe mliyoiomba.
3. Makuta ngapi, na tarehe gani ya mwezi.
4. Jina la anayepokea na namba ya konti yake.
5. Kwamba mnafuta ordri hii kabisa, kuanzia siku ya kupokea barua, na kwamba malipo yoyote yanayokuja yasifanywe, pamoja na yale ya tarehe fulani. Muandike tarehe yenyewe.
6. Kwamba mnaomba banki iwajibu kwa maandishi kwamba imefuta.

Jambo la tano ndilo watu wanaacha. Wanaandika tu "tunaomba kusimamisha". Kusimamisha kunaweza kuwa kwa muda, na banki nyingine zina kitufe cha kupumzisha ordri kwa miezi fulani, kisha inaamka yenyewe. Muandike kufuta.

Barua iwe nakala mbili, zote zimesinywa. Moja inabaki banki. Ya pili inapigwa kashe, na anayepokea anaandika tarehe, saa, jina lake na sahihi. Bila kashe, barua yenu haikufika, hata kama uliiweka kwenye mkono wa mkubwa wa ajansi. Siku mtakapobishana, banki haitauliza mlisema nini. Itauliza karatasi iko wapi.

Wengine wananiuliza kama simu inatosha, au mesaji. Simu ni nzuri kwa kuuliza. Kama banki yenu ina njia ya kufuta ordri ndani ya simu, tumieni, kisha mupige picha ya kiyo kinachosema imefutwa. Lakini konti ya koperative yenye sahihi mbili mara nyingi haiwezi kuguswa na mtu mmoja kwa simu. Karatasi ndiyo njia.

Kikwazo cha pili: siku

Barua ilipigwa kashe tarehe 3 mwezi wa sita. Tarehe 5 mwezi wa sita, siku ya tatu ya juma, konti ikakatwa tena dola 62. Zikabaki 330.

Prezida alipandisha sauti kwenye gishe, na mimi nilikuwa karibu naye. Kijana wa banki akatuonyesha karatasi ya masharti iliyosinywa siku ya kufungua ordri. Ilisema kufuta ordri lazima kufike siku tano za kazi kabla ya tarehe ya malipo. Sisi tulifika siku mbili mbele.

Siku tano hizi ni za banki ile, si sheria ya nchi nzima. Kwenu inaweza kuwa mbili au kumi. Lakini kila banki ina muda fulani, maana barua inapokelewa na mtu mmoja, inahakikishwa na wa pili, na wakati mwingine inatumwa kwa ofisi kubwa ambako ndiko mashine inafungwa. Malipo ya tarehe 5 yanaweza kuwa yamepangwa foleni tangu tarehe 3.

Mhesabu siku za kazi tu. Tuseme mnataka kuzuia malipo ya tarehe 5 mwezi wa saba 2024, siku ya tano ya juma. Mnarudi nyuma: tarehe 4, 3, 2, 1, hizo ni siku nne. Tarehe 30 mwezi wa sita ni sikukuu ya uhuru, na mwaka ule ilikuwa siku ya yenga. Tarehe 29 ni siku ya posho, msiitegemee. Siku ya tano ni tarehe 28 mwezi wa sita. Barua iliyofika tarehe 1 mwezi wa saba, ambayo kwa macho ni "siku nne mbele", ingekuwa imechelewa.

Kwa sisi tunaokaa Shabunda, muongeze siku za njia. Kama mnajua mkataba utaisha mwisho wa mwezi wa tisa, barua itoke kijijini mwanzo wa mwezi huo, si siku ya kurudisha ufunguo. Mnaweza kuandika ndani yake: lipeni mara ya mwisho tarehe 5 mwezi wa tisa, kisha mfute.

Kutosha makuta yote hakufuti ordri

Wakati wa kungoja PV, mwanamemba mmoja alitoa shauri: "Tutoshe makuta yote, banki itakata nini?" Ninaelewa hasira, lakini tuone matokeo. Tarehe ikifika na konti ikiwa tupu, ordri haifi. Malipo yanakataliwa mwezi ule, banki nyingine inawaandikia bei ya kukataliwa, na nyingine inajaribu tena siku zinazofuata. Kisha siku moja mnunuzi wa mawese anawaingizia dola 300, na ordri iliyokuwa inangoja inakula ya kwanza.

Kama hofu ni ya kweli na barua haijafika, msaada wa muda ni kumwambia mnunuzi asiingize makuta kwenye konti hiyo mpaka muhakikishe. Lakini huo ni msaada wa siku chache. Dawa ni barua.

Namna ya kuhakikisha kama kweli imesimama

Hapa ndipo koperative nyingi zinaachia kazi njiani. Wanarudi nyumbani na nakala yenye kashe, wanaiweka kwenye sanduku, wanasema imeisha. Kashe inaonyesha kwamba banki ilipokea barua. Haionyeshi kwamba mashine ilifungwa. Kuhakikisha kuna hatua tatu.

Hatua ya kwanza, jibu la maandishi. Siku chache baada ya barua, ombeni karatasi inayosema ordri namba fulani imefutwa tangu tarehe fulani. Kama banki haitoi karatasi ya namna hiyo, ombeni orodha ya ordri zote zinazofanya kazi kwenye konti yenu. Orodha hiyo ni nzuri sana. Koperative yetu ilipoiomba, iliona ya depo haiko tena, lakini ikaona nyingine ya dola 5 kila miezi mitatu kwa muungano mmoja ambao hawakuwa tena wanamemba wake. Waliifuta siku hiyohiyo.

Hatua ya pili, releve inayopita tarehe. Si salio. Salio linaweza kuwadanganya, maana makuta yanaingia na kutoka kwa sababu nyingi. Ombeni releve inayoanza mbele ya tarehe ya malipo na kuisha siku kadhaa nyuma yake. Kwa ordri ya tarehe 5, ombeni kuanzia tarehe 1 mpaka tarehe 12. Kumbukeni siku ya yenga: malipo yanaweza kuhama mpaka tarehe 6 au 7. Mtu akiangalia tarehe 5 jioni na kukuta kimya, bado hajahakikisha. Na muangalie pia ile dola 2. Nimeona releve ambamo malipo yamesimama lakini bei ya kazi inaendelea, maana ilikuwa imeandikwa kando kwenye mashine.

Hatua ya tatu, rudieni mwezi wa pili. Mwezi mmoja safi unaweza kuwa bahati: labda konti haikuwa na makuta ya kutosha, labda ordri ilipumzishwa tu. Miezi miwili safi, wakati konti ilikuwa na zaidi ya dola 62 tarehe ile, hapo mnaweza kufunga faili. Koperative yetu ilichukua releve ya mwezi wa saba na ya mwezi wa nane 2024. Zote mbili zilikuwa safi. Ndipo prezida akaandika kwenye karne ya kamati: ordri ya depo imekwisha, akasinya.

Hamlazimiki kushuka mjini kwa kila releve. Siku ya kupeana barua, muulize gishe kama wanaweza kutuma releve kwa imeli ya koperative, au kama mtu aliyeandikwa na wenye sahihi anaweza kuichukua. Koperative yetu ilimwandikia ruhusa mwanafunzi wao anayesoma mjini: achukue karatasi tu, asiguse makuta. Alipiga picha na kuituma siku rezo ilipokuwa.

Makuta yaliyoshatoka, tunayadai kwa nani?

Jibu linategemea kashe. Chukueni releve na mpige mstari kwenye tarehe ambayo kufuta kulianza kuwa na nguvu.

Makato yaliyo juu ya mstari, yaani ya mbele, banki haitayarudisha. Ilitii ordri yenu iliyokuwa hai. Lakini aliyepokea alipata makuta bila kutoa kitu, na huyo ndiye mnayemdai. Koperative yetu ilikatwa mara tano, na ile ya mwezi wa sita ndani yake. Mwenye depo alipokea mara tano dola 60, yaani dola 300. Prezida alimpelekea releve na karatasi ya kurudisha ufunguo yenye tarehe na sahihi za pande zote mbili. Mzee yule aliangalia kwa muda, akasema, "Mimi nilifikiri munalipia deni la zamani." Aliomba kulipa mara mbili. Dola 150 mwezi wa saba, 150 mwezi wa nane, na kila mara wakaandika karatasi. Dola 10 za kazi ya banki zilipotea.

Kama hawangekuwa na ile karatasi ya ufunguo, maneno yangekuwa marefu. Mwenye depo angeweza kusema mlikaa mpaka mwezi wa sita, na nani angeonyesha kinyume?

Makato yaliyo chini ya mstari ni neno lingine. Kama barua ilifika kwa wakati, ina kashe, na banki ikakata tena, kosa ni la banki, na inapaswa kurudisha pamoja na bei ya kazi yake. Muandike barua ya malalamiko kwa mkubwa wa ajansi, muweke fotokopi ya barua yenye kashe na releve yenye mstari mliouonyesha kwa kalamu. Muombe jibu kwa maandishi na mutaje tarehe. Mkinyamaziwa, mwandikie ofisi kubwa ya banki. Na mkikosa jibu huko, Banki Kuu ya Congo ndiyo inayosimamia mabanki, na vilevile koopeki na mikrofinansi. Itawauliza kama mlianza na banki yenyewe, kwa hiyo msiruke ngazi.

Mwisho, karatasi tano za kuweka pamoja

Kwenye faili ya kila ordri ya kudumu, wekeni fotokopi ya ordri yenyewe siku mliyoisinya, karatasi ya masharti ya banki, barua ya kufuta yenye kashe, jibu la banki, na releve mbili safi zilizofuata. Juu ya faili muandike kwa kalamu kubwa tarehe ambayo mkataba utaisha, na siku ambayo barua inapaswa kutoka kijijini. Mkichagua trezorie mwingine, apokee faili hii siku moja na ufunguo wa sanduku.

Bashi zile zilinunuliwa mwezi wa tisa, wakati mupunga wa msimu ule ulikuwa umeshaanikwa chini, ukaingia mawe, na mnunuzi akapunguza bei. Siku hizi mama trezorie akifika kwenye gishe hasemi tena "salio ni ngapi?" Anasema, "Nipeni releve, na orodha ya ordri zetu." Anaisoma akiwa amesimama palepale, mstari kwa mstari, mbele ya kutoka.